Kutoka Jedwali hadi Sentensi: Mfano wa Hesabu ya Watu Kajiado

Makala haya yamekusudiwa kuchunguza jambo moja katika kazi ya tafsiri na uandishi ambalo, kwa kadiri nilivyoona, halijapewa nafasi ya kutosha katika madarasa yetu ya Kiswahili. Jambo hilo ni namna ya kuligeuza jedwali la takwimu liwe sentensi. Aghalabu tumelihesabu kuwa ni jambo la wanahisabati, nasi tukabaki na wajibu wa kutafuta istilahi tu. Nitajaribu kuonyesha kwamba makosa mengi yanayotokea hapa si makosa ya hesabu hata kidogo. Hesabu huwa ni sahihi, ila sarufi ndiyo inayoipotosha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliombwa wakati mmoja nitayarishe muhtasari wa Kiswahili wa taarifa fupi kuhusu idadi ya watu katika Kaunti ya Kajiado, ili usomwe katika baraza huko Kimana. Taarifa yenyewe ilikuwa na kurasa chache za maelezo na majedwali mengi. Kimana, kwa wasiopafahamu, ni mji ulio katika kaunti ndogo ya Loitokitok, kandokando ya barabara itokayo Emali kuelekea Loitokitok. Ni mahali penye chemchemi zitokazo Mlima Kilimanjaro, na kwa ajili ya maji hayo wafugaji na wakulima wa nyanya na vitunguu wamekuwa majirani, tena wakati mwingine washindani. Watu wa hapo wameuona mji ukitanuka mbele ya macho yao.

Katika jedwali mojawapo palikuwa na safu ya Loitokitok yenye tarakimu mbili: 20.0 chini ya mwaka 2009, na 17.2 chini ya mwaka 2019. Kichwa cha jedwali kilisema kuwa tarakimu zote ni asilimia. Nami nikaandika: “Idadi ya watu wa Loitokitok imepungua kwa asilimia 2.8.” Sentensi ni fupi, ina upatanisho wa kisarufi, na msomaji hatajikwaa popote. Iliposomwa, mzee mmoja alinyanyua fimbo yake akauliza, “Mwalimu, hao watu wamekwenda wapi?” Nikamjibu, “Mzee, hivyo ndivyo karatasi inavyosema.” Akatikisa kichwa. “Karatasi hiyo haijafika sokoni,” akasema, na watu wakacheka.

Mzee alikuwa na haki. Katika hesabu ya mwaka 2009 wilaya ya Loitokitok ilikuwa na watu 137,496. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ndogo ya Loitokitok ilikuwa na watu 191,846. Hapo pana nyongeza ya watu 54,350, yaani watu 39 na nusu kwa kila mia moja waliokuwapo mwanzoni. Mtu aliyeiamini sentensi yangu na kutoa asilimia 2.8 katika watu wa mwaka 2009 angepata kwamba watu wapatao 3,850 wametoweka. Wala jambo hili si la mzaha, kwani idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kugawa fedha za umma, na watu wanaoambiwa kuwa wamepungua hujiandaa kuambiwa pia kuwa mahitaji yao yamepungua.

Basi tarakimu 20.0 na 17.2 zilitoka wapi? Zilikuwa sahihi kabisa. Kaunti nzima ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na wale 137,496 wa Loitokitok walikuwa humusi yao, yaani asilimia 20.0. Mwaka 2019 kaunti ilikuwa na watu 1,117,840, na wale 191,846 ni asilimia 17.2 yao. Loitokitok iliongezeka kwa asilimia 39.5, lakini kaunti kwa jumla iliongezeka kwa asilimia 62.6. Anayetembea haraka huku mwenzake akikimbia huachwa nyuma, ingawa hajarudi hata hatua moja.

Ebu tuitazame sentensi yangu kama wanaisimu. Mtendwa wake ni “idadi ya watu wa Loitokitok”. Lakini tarakimu zile hazikuwa sifa za idadi hiyo, bali zilikuwa sifa za uhusiano kati ya idadi hiyo na nyingine kubwa zaidi, ambayo katika jedwali ilikuwa imeandikwa mara moja tu, juu kabisa, kwa herufi ndogo. Jedwali humruhusu mtu kuacha mambo mengi bila kuyasema, kwa kuwa jicho laweza kupanda hadi kwenye kichwa cha safu na kushuka tena. Sentensi haina kichwa cha safu. Anayesikiliza barazani hana mahali pa kupandisha jicho. Kwa hiyo kila lililoachwa kwenye pembe za jedwali halina budi kuingizwa ndani ya sentensi yenyewe, na mahali pake pa kawaida katika Kiswahili ni baada ya kihusishi cha a-unganifu: asilimia 17.2 *ya wakazi wote wa Kaunti ya Kajiado*. Neno “asilimia” bila “ya” baada yake ni sawa na neno “nusu” lililosimama peke yake. Nusu ya nini?

Hata “ya” hiyo yataka uangalifu. “Asilimia 17.2 ya wakazi wa Kajiado wanaishi Loitokitok” na “asilimia 17.2 ya wakazi wa Loitokitok” zinatofautiana kwa jina moja la mahali, nayo maana hugeuka kabisa. Ninapofundisha sasa, huwataka wanafunzi waandike kwanza sentensi ndefu na mbaya, yenye nomino zote: watu wangapi, kati ya watu gani, waliohesabiwa lini. Wakishaiandika hiyo, ndipo waipogoe. Mwenye kuanza na sentensi nzuri ndiye niliyekuwa mimi.

Ningesahihishaje basi? Ningeandika: “Kati ya kila watu mia moja waliohesabiwa Kajiado mwaka 2009, 20 walikuwa wakazi wa Loitokitok, mwaka 2019 walikuwa 17.” Mtendwa sasa ni mia moja ya kaunti. Kisha, katika sentensi ya pili isiyotenganishwa na ya kwanza: “Hata hivyo watu wa Loitokitok wenyewe waliongezeka kutoka 137,496 hadi 191,846.” Hakuna atakayeuliza watu wamekwenda wapi.

*Kwa, hadi, na alama za asilimia*

Kosa lile lilikuwa na tabaka la pili. Nilisema “kwa asilimia 2.8”. Hata kama ningekuwa nimeandika kwamba ni sehemu ya Loitokitok katika kaunti ndiyo iliyopungua, je, ilipungua kwa asilimia 2.8? La. Kutoka 20.0 hadi 17.2 ni kushuka kwa alama 2.8 katika kipimo cha mia. Lakini 2.8 ni takriban asilimia 14 ya 20, kwa hiyo anayesema kwamba sehemu hiyo imepungua kwa asilimia 14 naye anasema kweli. Kauli mbili za kweli, tarakimu mbili zilizo mbali sana, na neno “asilimia” ndani ya zote mbili.

Mfano mkubwa zaidi tunaupata katika chunguzi za bajeti za kaya zilizofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya. Uchunguzi wa mwaka 2005/06 ulikadiria kwamba asilimia 46.6 ya Wakenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na ule wa mwaka 2015/16 ukakadiria asilimia 36.1. Mwandishi wa haraka huandika kuwa umaskini ulipungua kwa asilimia 10.5. Lakini 10.5 ni tofauti tu ya tarakimu mbili za asilimia, na ikilinganishwa na ile 46.6 ya mwanzo, upungufu ni wa asilimia 22.5. Tena, kwa kuwa Wakenya wenyewe walikuwa wameongezeka katika miaka hiyo kumi, hesabu ya maskini vichwa kwa vichwa ilitoka milioni 16.6 hadi milioni 16.4, yaani karibu pale pale. Umaskini umepungua? Inategemea kama tunahesabu mafungu au tunahesabu watu. Mwandishi mwaminifu hana ruhusa ya kuchagua mojawapo na kuificha nyingine, hasa akijua kwamba msomaji wake hatalifungua jedwali.

Lugha yetu haijakubaliana juu ya jina la ile tofauti ya 10.5. Nimekutana na “pointi za asilimia”, “nukta za asilimia” na “alama za asilimia”. “Nukta” naikataa kwa sababu ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kutenga desimali, na msikilizaji anayeambiwa “nukta kumi nukta tano za asilimia” ana haki ya kuondoka barazani. “Alama za asilimia” napendekeza tuikubali katika maandishi ya kitaalamu. Lakini kwa hadhira ya kawaida sioni haja ya istilahi yoyote. Kiswahili kina jozi ya “kutoka” na “hadi”, na jozi hiyo haidanganyi: “ilishuka kutoka 46.6 katika kila mia hadi 36.1 katika kila mia”. Msikilizaji ataitoa tofauti mwenyewe akitaka.

Hatari imo katika “kwa”. Kihusishi hiki hubeba kiasi cha badiliko, ilhali “hadi” hubeba mahali badiliko lilipofikia. “Ilishuka kwa 36.1” na “ilishuka hadi 36.1” ni habari mbili tofauti kabisa, na hutenganishwa na silabi mbili ambazo mpiga chapa aliyechoka anaweza kuzibadili bila kukusudia. Ndiyo maana nashauri kuwa, kila inapowezekana, “kwa” isiachwe peke yake. Iambatane na mwanzo au mwisho, ili kosa likitokea sentensi yenyewe ilikatae.

*Mara ngapi?*

Neno “mara” lina taabu yake. Mwaka 2019 Loitokitok ilikuwa na watu 191,846, na Mashuuru, jirani yake, 64,214. Gawa, upate kidogo chini ya 3. Basi twasema Loitokitok ilikuwa na watu karibu *mara tatu ya* wale wa Mashuuru. Lakini waandishi wengi huandika “mara tatu *zaidi ya*”. Ukilichukua “zaidi” kwa maana yake, kuna Mashuuru moja, na juu yake pameongezwa Mashuuru tatu, jumla nne. Wengine watanijibu kwamba katika mazungumzo ya kila siku “mara tatu zaidi” na “mara tatu ya” ni mamoja. Pengine ndivyo. Lakini neno ambalo nusu ya wasomaji wanalielewa kuwa ni tatu na nusu nyingine kuwa ni nne halifai kubeba takwimu.

Mji wa Kitengela unatupa mfano wa wazi wa namna “mara” na “asilimia” zinavyogongana. Ulihesabiwa kuwa na watu 58,167 mwaka 2009 na 154,436 mwaka 2019. Wa pili ni mara 2.7 ya wa kwanza. Nyongeza yenyewe ni watu 96,269, yaani asilimia 166 ya wale wa mwanzo. Mtu akiiona 166 huenda akaandika “umeongezeka mara 1.7”, na msomaji ataelewa kwamba mji haujafika hata maradufu, hali umeipita maradufu kwa mbali. Kanuni ni nyepesi: unapotumia “mara”, linganisha kizima na kizima, unapotumia “asilimia” pamoja na kitenzi cha kuongezeka, linganisha nyongeza na mwanzo wake. Asilimia 100 ya nyongeza ndiyo mara 2 ya kizima. Zikichanganywa katika aya moja, hata mwandishi mwenyewe hupotea.

Naongeza tahadhari juu ya Kitengela. Mji si kisiwa, na mipaka yake ya kuhesabia huweza kuchorwa upya kati ya hesabu moja na nyingine. Sehemu ya ukuaji huo ni watu waliohamia kwa sababu ya ukaribu na Nairobi. Sehemu nyingine huenda ikawa ni mstari tu uliosogezwa. Jedwali la idadi halitenganishi hayo mawili, wala mwandishi asiyatenganishe kwa kukisia.

*Jina lile lile, ardhi nyingine*

Suala hili la mipaka ndilo lililonishangaza kuliko mengine nilipoyarudia majedwali baada ya aibu ya Kimana. Mwaka 2009 Kajiado iligawanywa katika wilaya tatu: Kajiado Kaskazini yenye watu 387,538, Kajiado ya Kati 162,278, na Loitokitok. Mwaka 2019 zilikuwa kaunti ndogo sita: Kajiado Kaskazini 306,596, Isinya 210,473, Loitokitok 191,846, Kajiado Magharibi 182,849, Kajiado ya Kati 161,862, na Mashuuru 64,214.

Anayeyaweka majedwali haya mawili kando kwa kando na kuoanisha majina ataandika, bila kutenda kosa lolote la kutoa na kujumlisha, kwamba katika miaka kumi Kajiado Kaskazini ilipoteza watu 80,942 na Kajiado ya Kati ilipoteza 416. Ngong na Ongata Rongai zimo Kajiado Kaskazini, na yeyote aliyewahi kupita huko jioni anajua kuwa hilo haliwezekani. Kilichotokea ni kwamba majina yalibaki na ardhi ikamegwa. Isinya, Mashuuru na Kajiado Magharibi hazikuwamo katika orodha ya wilaya za 2009, lakini watu wake walikuwako, wakihesabiwa chini ya majina mengine.

Dalili za kosa la namna hii ni mbili, na zote huonekana kabla ya kuandika hata neno moja. Ya kwanza ni kwamba idadi ya safu haifanani: tatu upande huu na sita upande ule. Ya pili ni kwamba sehemu zinapungua huku jumla ikipanda. Dawa ni kujumlisha hadi ardhi ifanane. Zijumlishe Kajiado Kaskazini na ya Kati za mwaka 2009, upate 549,816. Jumlisha kaunti ndogo zote za 2019 isipokuwa Loitokitok, upate 925,994. Ikiwa mpaka wa Loitokitok haukusogezwa, hapo ardhi ni ile ile, na sentensi inaandikika: sehemu ya kaunti iliyo nje ya Loitokitok iliongezeka kwa asilimia 68.4. Hilo “ikiwa” nalo liandikwe, wala tusilionee haya.

Kujumlisha kuna faida nyingine ndogo. Jedwali la jinsia la mwaka 2019 lina wanaume 557,098 na wanawake 560,704 katika Kajiado. Jumla yao ni 1,117,802, nayo imepungukiwa na watu 38 kuifikia 1,117,840. Si kosa la chapa. Hesabu ya 2019 ndiyo ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu mahuntha katika safu yao wenyewe, na hao ndio 38. Mwandishi anayesema “wengine wote ni wanawake” amewafuta watu hao kwa neno moja. Na yule anayesema “wanawake ni wengi kuliko wanaume” amesema kweli, ila tofauti ni watu 3,606 katika zaidi ya milioni moja. “Karibu nusu kwa nusu” ingetosha.

*Njeo na mwelekeo*

Nimeliweka mwisho jambo linalotuhusu zaidi sisi wa idara za lugha, nalo ni kitenzi. Jedwali halina njeo. Lina miaka juu ya safu na tarakimu chini yake. Sentensi ya Kiswahili haiwezi kukosa njeo, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuongeza habari ambayo jedwali halikuitoa.

Nilipoandika “imepungua”, kiambishi “-me-” kilisema kwamba hali hiyo ingali ikisimama wakati wa kusoma. Lakini tarakimu zilikuwa za usiku wa hesabu, tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Njeo inayostahili ni “-li-”: ilikuwa, iliongezeka, walihesabiwa. Baya zaidi ni umbo lile tulipendalo, “imekuwa ikipungua”. Umbo hili linadai mwendo mfululizo. Vipimo viwili haviwezi kuuthibitisha mwendo mfululizo. Vinathibitisha tofauti tu kati ya ncha mbili. Katikati huenda palikuwa na kupanda na kushuka tusikokujua.

Tazama hapa vipindi vinne vya Kajiado, kuanzia ilipokuwa wilaya yenye watu 149,005 mwaka 1979:

| Kipindi | Nyongeza ya watu | Nyongeza kwa kila mia ya mwanzo |
|---|---|---|
| 1979–1989 | 109,654 | 73.6 |
| 1989–1999 | 147,395 | 57.0 |
| 1999–2009 | 281,258 | 69.3 |
| 2009–2019 | 430,528 | 62.6 |

Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu jedwali hili na kuwaomba sentensi moja kila mmoja. Wengine waliandika kuwa ongezeko la watu limekuwa likikua. Wengine wakaandika kuwa ongezeko limekuwa likipungua. Kila kundi lilidhani jingine limekosea hesabu. Kundi la kwanza lilisoma safu ya katikati, ambayo kweli hupanda bila kusita. Kundi la pili lilisoma safu ya kulia, likaangalia mwanzo na mwisho, 73.6 na 62.6, na kuyaruka ya katikati. Lakini safu hiyo haipungui mfululizo: inashuka, inapanda, kisha inashuka tena. Hakuna kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachoweza kuieleza kwa haki.

Chanzo cha fujo ni neno “ongezeko”, ambalo tumelitwisha mizigo miwili. Mara ni idadi ya watu waliozidi, mara ni kasi ya kuzidi. Pendekezo langu ni kwamba tuitumie *nyongeza* kwa idadi na *kasi* kwa uwiano. Hapo sentensi inanyooka: “Katika miaka ya 2009 hadi 2019 nyongeza ilikuwa kubwa kuliko ya miaka kumi iliyotangulia, lakini kasi ilikuwa ndogo.” Hakuna mgongano tena, kwa kuwa mia moja ya mwaka 2009 ilitokana na kapu kubwa kuliko mia moja ya mwaka 1999.

Na kasi ikishatajwa, muda wake utajwe pia. Asilimia 62.6 ni ya miaka kumi. Wapo wanaoigawa kwa kumi na kuandika kuwa kasi ilikuwa asilimia 6.3 kwa mwaka. Walimu wangu wa ng'ambo walikuwa na desturi ya kutwambia tujaribu kila sentensi kwa kuirudisha kwenye tarakimu, na hapa desturi hiyo inafaa sana. Chukua 687,312, uiongeze kwa asilimia 6.26 mwaka baada ya mwaka, mara kumi. Utafika kwenye watu kama 1,261,000, zaidi ya waliohesabiwa kwa watu wasiopungua 140,000. Sababu ni kwamba watu wa mwaka wa pili huongezeka pamoja na nyongeza ya mwaka wa kwanza. Kasi inayokufikisha kwenye 1,117,840 ni asilimia 5.0 kwa mwaka.

Nilirudi Kimana miezi kadhaa baadaye na aya iliyosahihishwa. Niliisoma hivi: “Katika hesabu ya mwaka 2009 Loitokitok ilikuwa na watu 137,496. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 191,846. Kwa kila watu mia moja waliokuwapo hapo kwanza, waliongezeka karibu 40. Katika Kenya nzima, kwa kila mia waliongezeka 23. Katika Kaunti ya Kajiado kwa jumla waliongezeka karibu 63, hasa katika sehemu zilizo karibu na Nairobi. Kwa hiyo, ingawa watu wa Loitokitok walizidi, sehemu yao katika kaunti ilitoka 20 katika kila mia hadi 17.” Ni ndefu mara kadhaa kuliko sentensi yangu ya kwanza, na haina neno “asilimia” hata moja.

Mzee alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama fedha hugawanywa kwa kufuata ile 40 au ile 17. Hilo, nilimwambia, jedwali langu halikulijibu, na kwamba alikuwa ameuliza swali ambalo mimi sikulifikiria nilipokuwa nikiandika.